Sabuni ya unga iitwayo Mavi

"Mshirika wangu wa Uturuki anataka tulete Mbeya sabuni ya unga yenye jina Mavi, kwao ni bluu. Nikibadili tahajia iwe Mavy, itafaa?"

Haitafaa, ndugu yangu. Mteja wa Mwanjelwa hasomi tahajia, anasikia. Mavy ikitamkwa redioni ni mavi yale yale, na hakuna mama atakayesema dukani "nipe mavi ya kufulia".

Tafuta jina lingine, kisha ulipime kabla ya kuchapa mifuko. Litamke kwa watu kumi bila kuwaonyesha maandishi, waombe waliandike, halafu walitumie wakiagiza: "nipe … mbili". Anayecheka, muulize kilichomchekesha. Wengi husema "zuri tu" kwa adabu.

Huku kwetu angalia pia r na l, maana Kinyakyusa hakina r na wengine hubadilishana sauti hizo wakiongea Kiswahili. Mtindi uitwao Hala unaweza kusikika "hara", na nani atanunua mtindi wa kuharisha? Tamka jina kwa sauti zote mbili. Ukishuka Iringa, wasikilizishe Wahehe nao. Kusajili BRELA nenda mwishoni, jina likishapona.