Wiki nne za kazi ya masoko: utafiti, rasimu na uhariri zipewe siku ngapi?

*Shikamoo mwalimu. Nimepewa kazi ya maneno 4,000, kuandaa mpango wa masoko wa biashara ndogo. Nimechagua mama mmoja anayesaga na kuuza unga wa lishe hapa Dar. Nina wiki 4. Kazi iliyopita utafiti ulimeza muda wote, nikaandika usiku wa mwisho. Nigawanyeje siku?*

Marahaba. Anza kuhesabu kutoka tarehe ya kukusanya kazi, urudi nyuma. Kati ya siku 28, tenga 2 za mwisho ziwe akiba ya umeme kukatika au faili kugoma. Kabla yake weka siku 6 za uhariri, siku 1 ya kuiacha rasimu bila kuigusa, na siku 8 za kuandika. Zinabaki 11 za utafiti. Ukipanga hivi, utafiti unajua mwisho wake tangu siku ya kwanza.

Katika siku hizo 11, mbili za mwanzo soma mgawanyo wa maksi, kisha andika swali moja la kuongoza kazi yote: nani ananunua unga huu, na aliyeacha kununua aliacha kwa nini? Tunga dodoso fupi, ulijaribu kwa watu watatu au wanne, maana swali linaloeleweka kwako laweza kumchanganya mteja. Kisha nenda dukani. Hapa angalia kalenda: wanaopokea mshahara hununua pakiti kubwa mwisho wa mwezi, na katikati ya mwezi wanapima robo kilo. Ukihoji wiki ya mshahara peke yake, utaandika kwamba wateja hawajali bei, na si kweli. Kama siku zako hazigusi vipindi vyote viwili, mwombe mama daftari la mauzo la miezi miwili iliyopita.

Utajuaje kwamba utafiti umetosha? Siku ya 8 chora jedwali lenye vichwa vyote vya mpango: wateja, washindani, bidhaa, bei, usambazaji, matangazo, bajeti. Mbele ya kila kichwa andika ulichokipata. Kichwa kilicho kitupu ndicho kinachopewa siku 3 zilizobaki. Vilivyojaa usiviongezee kitu, hata ukikutana na makala nzuri kiasi gani.

Maneno 4,000 kwa siku 8 ni 500 kwa siku, lakini usianze na utangulizi. Anza na matokeo kuhusu wateja, kwa kuwa kila pendekezo litasimama juu yake. Utangulizi na muhtasari viandike siku ya mwisho. Ukikwama kwa kukosa tarakimu, andika [TAKWIMU] uendelee. Mwisho utazitafuta zote kwa pamoja kwa Ctrl+F. Ukifungua intaneti katikati ya aya, umerudi kwenye utafiti bila kujua.

Sasa uhariri, na hapa ndipo wengi wanapobana siku. Uhariri wa kwanza ni wa hoja, na tahajia inangoja. Tuseme umependekeza matangazo ya mtandaoni ya Sh 250,000 kwa mwezi, ili mauzo yapande kutoka pakiti 120 hadi 180. Faida ghafi kwa pakiti ni Sh 1,200. Pakiti 60 za ziada zinaleta Sh 72,000, kwa hiyo mama atapata hasara kila mwezi. Ili kurudisha gharama hiyo tu zinahitajika pakiti 209 za ziada. Pengine hata dodoso lako linaonyesha kwamba wateja wengi waliusikia unga huu kwa majirani na kliniki ya watoto. Basi sehemu ya matangazo inaandikwa upya, na bajeti pamoja nayo. Kazi hiyo inachukua siku mbili au tatu, na ungekuwa umeanza na nukta na mkato, ungekuwa umenyoosha sentensi za kufutwa.

Mzunguko wa pili ni wa tarakimu: bei iliyo kwenye jedwali iwe ileile kwenye bajeti na kwenye muhtasari. Marejeo nayo yakaguliwe hapohapo. Lugha ije mwisho, na isome kwa sauti.

Ikitokea umeugua na siku zimepungua, punguza utafiti kwanza. Wahoji wateja wanane kwa kina badala ya ishirini, useme wazi kwenye kazi kwamba sampuli ni ndogo. Msahihishaji atalipokea hilo kwa urahisi kuliko bajeti isiyolingana na malengo yake.