Kila slaidi tendo moja: wapi pa kukata somo la chapati

*Swali: Naendesha ukurasa wa mapishi Instagram. Karuseli yangu ya chapati ina slaidi 6, maelezo yamekamilika kabisa, lakini wanaojaribu wananiambia chapati hazina matabaka. Nimeshauriwa kila slaidi iwe na tendo moja tu. Tendo moja linaishia wapi? Nikikata sana si zitakuwa slaidi 30?*

Dada, slaidi uliyonitumia yenye tatizo ni ya 4: "Sukuma donge, paka mafuta, viringisha kama kamba, kisha zungusha." Hapo pana vitenzi vinne na picha moja, na picha yenyewe inaonyesha donge lililokwisha zungushwa kama konokono. Mtu anayepika hasomi kama anayesoma gazeti. Anatupa jicho kwenye picha, anafanya kile anachokiona, anarudi kwenye unga. Mafuta hayaonekani pichani, kwa hiyo hayapakwi, na bila mafuta matabaka hushikana. Picha moja huonyesha tendo moja, na tendo lisilo na picha ndilo linalorukwa.

Kwa hiyo mimi hukata pale ambapo jicho lazima lirudi kwenye simu. Chukua kitenzi kimoja cha kuamrisha, ongeza dalili ya kumaliza, basi. "Kanda mpaka unga usishike vidole" ni tendo moja, kwa kuwa maneno ya baada ya "mpaka" hayamwagizi chochote kipya, yanamwambia tu aache lini. "Kanda kisha funika" ni mawili. Ukiona "kisha", "halafu" au "na" kati ya vitenzi viwili, kata hapo.

Lakini usikate mkono unapoendelea bila kusita. Kumimina maji huku unachanganya ni mwendo mmoja. Ukiutenga mara mbili unamlazimisha mtu aguse kioo kwa vidole vyenye unga, na hilo linachosha kuliko slaidi ndefu.

Slaidi yako ya 4 sasa inakuwa nne. Sukuma donge mpaka litoshe sahani. Paka mafuta mpaka ukingoni. Viringisha liwe kamba. Zungusha kamba iwe konokono. Ya mafuta ipige picha kijiko kikiwa bado juu ya unga, kwa sababu mtu anahitaji kuona mafuta yanafika wapi. Ya kukanda, kinyume chake, ionyeshe donge lililokamilika, maana huko anachotafuta ni dalili, mkono wenyewe hauna siri. Na kamera ikae begani kwa mpishi, itazame chini. Ukipiga kutoka mbele yake, kulia kwa mpishi kunakuwa kushoto kwa msomaji, na kwenye kuviringisha atapotea.

Kusubiri nako ni tendo, kuwe na slaidi yake: "Funika, acha dakika 30." (Najua ni vitenzi viwili, ila hapa kufunika na kuacha ni jambo moja.) Wengi huficha muda huu mwishoni mwa sentensi ya kukanda, na mtu akiuruka, donge linarudi kila akilisukuma.

Kwa vikombe 3 vya unga na madonge 8, nilipokupangia upya nimepata matendo 13. Weka jalada na slaidi ya vipimo, jumla 15. Instagram inaruhusu 20, hivyo nafasi ipo. Zikizidi, usibane matendo mawili pamoja. Gawa somo, kukanda posti moja, kusukuma na kuchoma nyingine.

Namba ya hatua iweke juu kushoto, "Hatua ya 4 kati ya 13". Juu kulia Instagram huweka hesabu yake, nayo huhesabu hata jalada, kwa hiyo mtu ataona 6/15 karibu na 4 yako. Ndiyo maana neno "Hatua" lisikosekane. Maneno ya "unga ukinata ongeza kijiko kimoja cha unga" yahamishie kwenye kapsheni, ukitaja namba ya hatua. Yakikaa kwenye slaidi, hata ambaye unga wake uko sawa ataongeza.

Kabla hujaposti, mpe simu mtu ambaye hajawahi kupika chapati, iegemeze ukutani jikoni, na usiseme neno. Angalia mara anazorudi nyuma. Akirudi slaidi moja mara mbili, ama slaidi hiyo ina tendo la pili lililojificha, ama picha yake inaonyesha kitu tofauti na kitenzi chake. Anza kukagua picha.