Wakopeshaji wa simu wanampigia shangazi yangu

"Nilikopa shilingi 6,000 kwenye programu ya simu, nimechelewa siku tisa. Sasa wanampigia shangazi na bosi wangu wakiniita mwizi. Sikuwaandika kama wadhamini. Si nilibonyeza 'kubali' mwenyewe? Nina haki gani?"

Dada, ulikubali kwa niaba yako. Shangazi hakukubali chochote, na nambari yake ni taarifa yake, si yako ya kuiweka rehani. Ndiyo maana, kwa sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019, yeye mwenyewe anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data, bila malipo. Malalamiko yake mara nyingi yana uzito kuliko yako, kwani hadaiwi hata senti. Mwaka 2023 Kamishna aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu namna hiyo.

Mwambie asifute kitu: apige picha ya skrini ya jumbe, nambari na saa.

Wewe peleka lalamiko Benki Kuu. Kanuni zake za 2022 zinamkataza mkopeshaji kuchokora orodha ya nambari zako ili awatumie watu jumbe ukichelewa. Kama hana leseni, jina lake halimo katika orodha inayotolewa na Benki Kuu. Funga pia ruhusa ya kusoma nambari kwenye mipangilio ya simu, ingawa walizokwisha kunakili wanazo.

Deni lenyewe bado ni lako. Omba hesabu kwa maandishi kabla ya kulipa.