Chupa za maji hazitoi pavingi: soma namba ya kitako kwanza

"Wadau, nipo Mbagala, nina mtaji wa laki tisa. Nataka kugeuza taka kuwa bidhaa: pavingi za chupa za plastiki, vigoda vya matairi au mikoba ya vipande vya vitambaa. Nianze na ipi, niuze wapi, na vibali vinahitajika? Jumamosi nampa mtu advansi ya viroba 80 vya chupa za maji."

Usimpe mtu huyo hata shilingi moja. Chupa za maji ya kunywa hazitoi pavingi kwa pipa na kuni, na ninayasema haya nikiwa mtu ambaye mlango wake wa uani hadi leo unafunguka nusu, kwa sababu nyuma yake kuna viroba vya chenga za chupa zilizosagwa ambavyo hakuna binadamu anayevitaka.

Nilihudhuria semina ya siku mbili katika ukumbi mmoja hapa Dar es Salaam, nikalipa shilingi 150,000, nikapewa cheti chenye mhuri mzuri kuliko wa mwenyekiti wa mtaa. Mwalimu alituonyesha video ya vijana wanaoyeyusha plastiki, wanachanganya na mchanga na kutoa pavingi nyeusi zinazong'aa. Kilichokuwa kikiyeyushwa mle kilikuwa mifuko laini ya nailoni, lakini kwa kuwa mifuko ya rambo ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019 na mwalimu hakutaka kupoteza somo lake, alituambia kwa kujiamini kabisa kwamba "plastiki ni plastiki", tutumie chupa za maji kwa sababu zimejaa kila mtaro. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyonigharimu. Ninaamini mtu yule hajawahi kuyeyusha kitu chochote maishani mwake isipokuwa siagi.

Nilinunua kilo 420 za chupa zilizokandamizwa kwa shilingi 400 kwa kilo. Nikampa fundi wa kuchomelea shilingi 1,900,000 anitengenezee mashine ya kusaga, nikachonga kalibu 12 kwa 35,000 kila moja, nikanunua pipa kwa 60,000 na kukodi kirikuu kwa 50,000. Ukijumlisha na ada ya semina utapata 2,748,000, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ilikuwa ya mchezo wa mke wangu, jambo ambalo naomba lisijadiliwe hapa.

Siku ya kwanza tulichochea moto saa nzima na chenga hazikuyeyuka. Zilijikunja na kushikana kama ukoko. Sababu ni kwamba chupa ya maji ni plastiki ya aina ya PET, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto zipatazo 250, wakati nailoni laini huyeyuka karibu na 110 na dumu la mafuta ya kula karibu na 130. Tulipoongeza kuni, upande wa chini wa pipa ukaanza kuungua na kutoa moshi ilhali juu bado pakavu. Hatimaye tulipata uji, tukauchanganya na mchanga, tukajaza kalibu, na jioni nikapiga picha ya pavingi 31 na kuituma kwa ndugu wote.

Kulipokucha, pavingi nyingi zilikuwa na nyufa. Nilipoiachia moja kutoka usawa wa kiuno ikapasuka kama sahani, na ndani ilikuwa na weupe wa maziwa. Baadaye fundi mmoja wa kiwanda cha plastiki alinieleza kwamba PET ikipoa polepole hujipanga upya, huwa nyeupe na kukosa unyumbufu. Tena, ikiyeyushwa ikiwa na unyevu, maji huikatakata kwa ndani na kuidhoofisha zaidi. Viwandani huikausha kwa mashine kabla ya kuiyeyusha. Mimi nilikuwa nimeianika juu ya turubai, mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiendelea.

Nikajaribu kuuza chenga zenyewe. Mnunuzi alitia kiganja ndani ya kiroba, akaona vizibo na lebo vimesagwa pamoja na chupa, akanirudishia kiroba kwa heshima. Chupa nzima angezinunua, kwa sababu mtu huziona na kuzichambua kwa macho. Nilizipunguzia thamani kwa kuzisaga.

Kwa hiyo kanuni ni hii: soma namba iliyo ndani ya pembetatu kwenye kitako kabla ya kununua kilo moja. Namba 1 ndiyo PET, iache. Unayoitaka kwa pavingi ni namba 2, yaani madumu ya mafuta ya kula na chupa nzito za sabuni na shampuu, na namba 4, yaani nailoni laini. Namba 3 ni PVC, kama mabomba na maganda ya nyaya za umeme. Hiyo usiitie motoni kabisa, maana hutoa mvuke wa tindikali unaochoma koo na macho. Pale ambapo namba imefutika, kata kipande na ukizamishe katika ndoo ya maji: namba 2 na 4 huelea, PET na PVC huzama. Namba 5, ile ya ndoo na viti, nayo huelea, lakini huhitaji moto mkali zaidi, kwa hiyo itenge. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ile nailoni inayofunga katoni ya chupa za maji, ambayo wenye maduka huichana na kuitupa, ndiyo malighafi bora. Mimi nilinunua chupa na kuliacha vazi lake.

Pipa langu la sasa hupokea kilo 10 za plastiki safi iliyokauka na kilo 30 za mchanga uliochekechwa na kukaangwa hadi usiwe na unyevu, kwa kuwa mchanga mbichi ukikutana na plastiki ya moto hurusha matone yanayoganda kwenye ngozi. Plastiki huyeyuka kwanza kwa moto wa wastani, mchanga huingia kidogo kidogo, na mwiko hauachi kuzunguka hadi mchanganyiko uwe mzito kama ugali usio na chembe kavu. Moshi ukianza kuwa mzito, moto umezidi, vuta kuni. Kazi hii hufanyika uwanjani, upepo ukiwa mgongoni, si uani kwa jirani anayeanika nguo. Kalibu hupakwa oili chafu, mchanganyiko hushindiliwa ungali moto, kisha kalibu huzamishwa majini. Ninapata vipande karibu 20 vya sentimita 20 kwa 10 kwa 5. Kila pipa huacha kipande kimoja cha kuangushwa sakafuni, na kikivunjika siuzi pipa zima. Nawauzia watu wa njia za miguu na vibaraza tu. Sikubali maegesho ya malori, hata mteja akibembeleza.

Mashine ya kusaga niliiuza kwa 700,000. Nailoni na madumu hukatwa kwa panga na mkasi wa bati, hivyo laki tisa yako inatosha kwa pipa, kalibu nne na malighafi ya mwezi, na utabaki na akiba. Vibali na matairi wengine watakujibu, mimi bado nina hasira na chupa.

Mpigie huyo mtu wa viroba leo, usisubiri Jumamosi. Muulize kama anaokota pia madumu yaliyopasuka na nailoni za katoni, na bei ya kilo ni shilingi ngapi. Na atakapokuja, ndoo ya maji iwe tayari mlangoni.