Mapitio ya machapisho: msimamizi anasema nimeandika orodha

"Tasnifu yangu ni ya wakulima wadogo wa mahindi wilayani Hai na mbegu bora. Nina makala 40, kila moja nimeipa aya yake. Msimamizi kairudisha, anasema hii ni orodha. Nipange vipi?"

Habari ndugu. Yangu pia ilirudishwa hivyo, nikiwa hapa Moshi. Usianze kupanga upya aya. Kwanza angalia kila makala imemwita nani "aliyepokea" mbegu. Mmoja anamhesabu aliyepanda mbegu ya chotara msimu mmoja, mwingine anapima sehemu ya shamba iliyopandwa. Na mkulima aliyepanda tena mbegu ya chotara aliyovuna mwaka jana, yumo? Mbegu hiyo nguvu yake imeshashuka, lakini dodoso litamwandika "ametumia mbegu bora". Mimi nilikuta makala mbili zikigombana kuhusu elimu ya mkulima, kumbe hazikupima kitu kimoja.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza iwe maana na upimaji. Inayofuata ipange kwa sababu: mvua, umbali wa duka la pembejeo, fedha, imani kwamba mbegu si feki. Ndani ya kila sababu waweke wanaopingana pamoja, kisha useme kwa nini. Mfano, Suri (2011), kwa data za Kenya, alionyesha kwamba faida ya chotara hutofautiana kati ya wakulima, hivyo asiyenunua huenda amepiga hesabu vizuri tu. Huyo anajibizana na wote wanaosema tatizo ni elimu.

Aya ikianza na jina la mtafiti, ishuku. Zangu karibu zote zilianza hivyo.