Umeme Ukirudi, Kamera ya Geti Inaonyesha Uani

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba kila umeme ukikatika na kurudi, kamera zake mbili hubadilishana nafasi: chaneli ya geti inaonyesha uani, ya uani inaonyesha geti. Fundi aliyemwita kamwambia kamera ni mbovu, zinunuliwe nyingine. Nilicheka, kisha nikakasirika. Kazi kama hizo nimezirekebisha bila kubadilisha hata skrubu.

Kamera zake zinapata data na umeme kwenye kebo moja, kutoka kwenye swichi ya PoE. Swichi ikizima, zote huzima; ikirudi, zote huwaka kwa pamoja na kumwomba rauta anwani ya IP. Rauta nyingi husahau zilichogawa kabla ya kuzimika, kwa hiyo anayewahi ndiye anayepewa. Rekoda nayo inamtafuta 192.168.1.5 kama ilivyoagizwa, na aliyekalia 5 leo si wa jana.

Dawa ni anwani ya kudumu, lakini hapa ndipo mafundi wengi wa haraka hukwama. Wanaifunga kamera kwenye anwani ambayo rauta bado anaruhusiwa kuigawa. Siku mgeni akiunganisha simu yake, akapewa anwani ileile, picha inaanza kukatikakatika. Basi ingia kwanza kwenye rauta, sehemu ya DHCP, upunguze eneo la kugawa liwe 192.168.1.20 hadi 192.168.1.150. Rekoda iweke 192.168.1.200, kamera zifuate kuanzia 201, zote kwa subnet mask ya 255.255.255.0. Halafu badilisha anwani kwenye kila chaneli ya rekoda pia, maana yenyewe haitajua kuwa kamera imehama.

Kama kamera ni mpya, chomeka moja moja. Za aina moja mara nyingi hutoka kiwandani na anwani ileile, na ukizichomeka zote kwa mpigo zitagombana kabla hujaanza kazi.

Ukihisi kuna mgongano, chomoa kebo ya kamera hiyo kwenye swichi, subiri dakika chache, kisha kwenye kompyuta iliyo kwenye mtandao huo andika:

```
ping 192.168.1.203
arp -a
```

Anwani hiyo ikijibu wakati kamera imezimwa, kuna kifaa kingine kimeikalia. Hata kisipojibu, tazama mstari wake kwenye orodha ya pili: ukikuta namba ya MAC isiyo ile iliyo kwenye stika ya kamera, umemkamata mwizi. Ndiyo maana huwa napiga picha stika zote kabla ya kupanda ngazi.

Ila kamera inayopotea usiku tu, anwani usizihangaikie. Giza likiingia taa zake za infraredi huwaka na kuvuta umeme zaidi, na kebo ndefu ya alumini iliyopakwa shaba huupoteza njiani. Hamishia kamera hiyo kwenye kebo fupi ya shaba tupu. Ikikesha bila kuzima, badilisha kebo, kamera iache.