Kaulimbiu ya usafi wa mikono kwa Kisebuano: yaliyonikuta Cebu

"Wakuu, nimepewa kusimamia tafsiri ya kaulimbiu ya usafi wa mikono hospitalini, na mojawapo ya lugha ni Kisebuano cha Ufilipino. Lugha yenyewe siijui. Mtafsiri kaleta kazi, mtu wa pili kairudisha kwa Kiingereza, zimefanana vizuri tu. Hiyo inatosha? Na nitajuaje kama inaimbika na kama mtu wa kawaida ataielewa?"

Haitoshi, mkuu. Nakwambia kwa sababu mimi iliniponza. Tafsiri yetu iliyofaulu vizuri kuliko zote kwenye zoezi hilo la kuirudisha Kiingereza ndiyo iliyochekwa na watu kwenye kibanda cha chakula.

Kazi ilikuwa ya kaulimbiu ya Shirika la Afya Duniani ya tarehe 5 Mei 2021, ile inayosema sekunde huokoa maisha, safisha mikono yako. Shirika moja lilitaka kuitumia tena kwenye mabango ya wodi mjini Cebu. Mimi nilikuwa mratibu, Kisebuano changu ni cha sokoni na kwenye jipni, daladala za huko, basi. Mtafsiri alikuwa dada mmoja mwenyeji wa huko, na karibu yote ninayoyasema hapa nimeyapata kwake.

Kwa Kiingereza ile kaulimbiu ina mizani saba tu, na sauti ya "s" inapiga mara kwa mara. Rasimu ya kwanza, ya neno kwa neno, ilikuwa hii: "Ang mga segundo makaluwas og mga kinabuhi, limpyohi ang imong mga kamot." Ihesabu, ukikumbuka kwamba "mga" husomwa "manga": mizani ishirini na saba! Kosa la sarufi hakuna, maana iko sawa, lakini ni sentensi ya taarifa ya habari. Huwezi kumtupia mtu anayepita na ndoo mkononi.

Dada akaikata ikabaki "Hugas kamot, luwas kinabuhi". Osha mkono, okoa maisha. Mizani kumi, pande mbili zinazojibizana kama ukwapi na utao. Tukairudisha Kiingereza, ikarudi safi kabisa. Mteja akaipenda. Tukaenda nayo mtaani kukamilisha utaratibu tu, tukijua kazi imekwisha.

Mtu wa tatu kuisoma alikuwa dereva wa jipni. Akacheka, akauliza kama ni bango la uchaguzi. Kumbe "hugas-kamot" kwao ni kama sisi tunavyosema fulani kanawa mikono: amejivua lawama, hahusiki tena. Asili ni ileile ya Pilato, na Cebu ni nchi ya Wakatoliki, kila mtu anaijua hadithi. Sasa bandika hilo kwenye mlango wa wodi ambako mgonjwa amefariki jana, uone ndugu watalisomaje. Aliyeirudisha Kiingereza hakukosea, aliandika alichokiona. Ila maneno yanaporudi, kicheko kinabaki kulekule mtaani.

Ukishamaliza hilo unakutana na tatizo la kitenzi, na hapa Mswahili una bahati kwa sababu utalielewa upesi. Sisi tunaosha vyombo, tunafua nguo, lakini mikono tunanawa. Wao vilevile: "hugas" ni kuosha kwa jumla, "laba" ni kufua, na kunawa mikono kuna neno lake, "hunaw", ambalo ukimwambia mtu anawe unasema "panghunaw". Neno zuri, la nyumbani, mama humwambia mtoto kabla ya kula. Mimi nililing'ang'ania. Dada akanikatalia kwa hoja ambayo sikuwa na jibu lake: ukisema "panghunaw" umesema maji. Hospitalini kazi kubwa inafanywa kwa alkoholi ya kupaka, na muuguzi anayetoka kitanda hadi kitanda hanawi, anapaka. Ndiyo maana waandishi wa Kiingereza walichagua neno "safisha", ambalo linabeba yote mawili. Kisebuano kina "limpyo", walilolirithi kwa Wahispania, nalo linabeba yote mawili vilevile. "Hunaw" tukaiweka kando kwa ajili ya bango la shuleni.

"Imong" nayo, yaani "yako", tuliifuta. Muuguzi mmoja alisema ikiwepo anahisi bango linamnyooshea kidole, kana kwamba mikono yake ndiyo michafu. Ilipotoka, mizani miwili ikapungua na ukali ukaondoka, bila kuongeza "palihog", tafadhali yao, ambayo ingeifanya kaulimbiu iwe ombi.

Kwa upande wa sekunde tukajaribu "kadiyot lang", maana yake "dakika moja tu", kama unavyomwambia mtu akusubiri kidogo. Lugha ya watu kabisa, nami niliipenda. Lakini wodini kulikuwa na madaktari wanaosema Kitagalogi, lugha nyingine ya Ufilipino, na kwa Kitagalogi "kadyot" ni neno la chumbani. Sitafafanua zaidi. Wasebuano wenyewe hawana neno nalo, ila hatukutaka bango ambalo nusu ya wafanyakazi wanalipigia picha kwa utani. Tukahamia "Segundo ra, kinabuhi ang maluwas", sekunde tu, maisha ndiyo yanayookolewa.

Hapo ndipo jaribio lilipolipa gharama zake zote.

Namna tulivyojaribu ni hii. Hatukuwauliza wauguzi peke yao. Tulikwenda kwa "bantay", yaani ndugu anayekaa na mgonjwa wodini, anayemlisha na kumgeuza kitandani, kwa sababu bango lile yeye ndiye analisoma siku nzima. Tuliwapata kwenye vibanda vya chakula nje ya hospitali, wanne kwa mzunguko mmoja, mizunguko mitatu, na baada ya kila mzunguko tunarekebisha. Karatasi ina kaulimbiu peke yake, haina picha wala nembo, maana picha ya bomba humfanya hata asiyejua kusoma aonekane ameelewa. Anaisoma kwa sauti. Tunaifunika. Kisha dada anamuuliza, "Unsay imong buhaton kung mabasa nimo ni?", ukiisoma hii utafanya nini? Anatuonyesha kwa vitendo, na chupa ya alkoholi ipo mezani.

Usiulize "umeelewa?" hata siku moja. Huko kuna kitu wanaita "ulaw", haya, na mtu mzima hatakwambia mbele ya mgeni mwenye karatasi kwamba hakuelewa. Atasema ndiyo na kutabasamu. Hata kwetu si ni hivyo hivyo?

Basi mama mmoja akaisoma "Segundo ra" vizuri, akaieleza kwa maneno yake vizuri, maisha yanaokolewa, mikono iwe safi. Nikaanza kukunja karatasi. Dada akamwambia aonyeshe. Akajipulizia alkoholi mara moja, akasugua viganja kama mtu anayepangusa unga, akamaliza. Kwa saa yangu ilikuwa sekunde tatu. Tukamuuliza mbona haraka hivyo. Akajibu kwa mshangao: si mmeandika sekunde tu?

Wawili kati ya wale wanne walifanya hivyo hivyo. Kanuni tuliyojiwekea ilikuwa kwamba wawili wakikosea kwa njia moja, neno linabadilishwa, hakuna mjadala. Kile kijineno "ra", ambacho sisi tulikiweka kwa ajili ya mdundo, kilikuwa kimewaambia watu waharakishe. Ilhali kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kupaka alkoholi kunachukua sekunde 20 hadi 30, na kunawa kwa maji na sabuni, kuanzia kulowesha hadi kukausha, sekunde 40 hadi 60. Bango zuri, linaimbika, linaeleweka, na linafundisha kosa.

Dada akapendekeza tutaje idadi. Nikadhani itakuwa "kawhaan ka segundo", ndiyo ishirini ya Kisebuano chenyewe. Akacheka. Hakuna anayehesabu muda hivyo, akasema. Saa na pesa wanazitaja kwa Kihispania, kwa hiyo ni "baynte segundos". Na kweli, asubuhi ile ile nilikuwa nimelipa nauli kwa "baynte" bila kufikiri.

Ikawa hivi:

Baynte segundos,
kinabuhi ang maluwas.
Limpyohi ang kamot!

Mizani tano, nane, sita. Ni zaidi ya ile saba ya Kiingereza, na mteja alilalamika kidogo. Lakini usihesabu mizani pekee, sikiliza na mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sisi hatuna mazoea ya kuutafuta. Kisebuano mkazo unahama. Hapa "segundos" inapiga katikati, halafu "maluwas" na "kamot" zote zinapiga mwisho kabisa. Sikio linasikia mstari mmoja ukifungua na miwili ikifunga kwa kishindo. Na "s" imerudi kwenye miisho ya mistari miwili ya kwanza bila sisi kuitafuta. Kuupima mdundo ni rahisi: mpe mtu asome mara mbili, kisha mpige soga nyingine kama dakika kumi, halafu mwambie aikumbuke. Anapokwama au kubadilisha neno, hapo ndipo mdundo umevunjika. Kwenye mzunguko wa mwisho wote wanne walikumbuka mstari wa kwanza na wa tatu. Wa pili mmoja aliugeuza, akasema "maluwas ang kinabuhi". Maana ni ileile, tukamwachia.

Bibi mmoja alituambia "maluwas" inamkumbusha mahubiri, kwa kuwa neno hilo ndilo la wokovu kanisani. Tulijadili, tukaliacha. Likikaa karibu na "kinabuhi", uhai, halipotezi mtu, na sauti kidogo ya ibada haikumsumbua yeyote tuliyemuuliza.

Kuna udhaifu mmoja ambao ni haki uujue. "Baynte" inatosha kwa alkoholi, haitoshi kwa sabuni. Ndiyo maana mabango ya kwenye sinki tuliyaongezea mstari mdogo wa sekunde 40 kwa maji na sabuni, hatukuyaacha na kaulimbiu peke yake. Ukikubali kutaja namba kwenye kaulimbiu, jiandae kwa hilo.

Kwa kazi yako, mlipe mtafsiri siku mbili za jaribio mbali na malipo ya tafsiri, na yeye awe ndiye anayeuliza. Wewe kaa pembeni, shika saa na utazame mikono. Kuhusu tahajia usigombane na mtu: utakuta "ug" na "og", "limpyohi" na "limpyuhi", kila mmoja ana yake. Chagua moja, ifuate hadi mwisho.

Na nenda ukaone linapobandikwa. Letu, wodi ya kwanza, fundi alilibandika nyuma ya chupa ya alkoholi ya ukutani. Chupa ikaufunika mstari wa kwanza wote. "Baynte segundos" haikuonekana kabisa.